Mali, madeni na mtaji: hesabu ya mikate ya kumimina

"Assalaam alaykum. Nimeanza kuuza maandazi nyumbani, nilianza na 150,000 na sasa kisanduku kina 300,000. Shemeji yangu, anayesoma uhasibu, ananambia huenda sina faida hata shilingi. Akaniandikia Mali = Madeni + Mtaji, akasema pande mbili lazima zilingane kila siku, nikimuuliza kwa nini, anacheka. Anayejua anieleweshe kwa mfano wa biashara ndogo, si wa kampuni."

Waalaykum salaam dada. Mimi napika mikate ya kumimina hapa Wete, nauza zaidi mwezi wa Ramadhani, na daftari langu naliweka kwa kanuni hiyohiyo. Nitakupitisha wiki yangu ya mwanzo. Tarakimu nimezikata ziwe nyepesi kufuata, lakini mambo yenyewe ndiyo hayo.

Nilikuwa na akiba ya 300,000. Siku ile biashara ilikuwa na kitu kimoja tu, pesa taslimu, na hakuna aliyekuwa ananidai. Kwa hivyo mali 300,000, madeni sifuri, mtaji 300,000. Mtaji hapa uuelewe kuwa ni haki yako wewe ndani ya biashara: ukishakusanya mali zote na kuwalipa wote wanaokudai, kinachobaki ndicho chako. Ndiyo maana pande mbili hazikosi kulingana. Kila kilichomo kwenye biashara kina mwenyewe, ama ni mtu anayekudai ama ni wewe. Hakuna wa tatu.

Kisha nikaingia upatu wa watu kumi, kila mmoja 20,000 kwa wiki, na bahati ikaniangukia mimi kupokea mwanzo. Nikatoa 20,000 zangu, nikapewa 200,000. Hapa ndipo wengi wetu tunapojiona tumepata. Ukweli ni kwamba katika zile 200,000, zilizo zangu ni 20,000 nilizotoa mwenyewe. 180,000 ni za wenzangu tisa na nitazirudisha wiki baada ya wiki. Taslimu ikawa 480,000, madeni 180,000, mtaji palepale 300,000. Yule anayepokea mwisho hali yake ni kinyume: wiki zote anazochanga kabla ya zamu yake, michango ile ni mali yake iliyoko kwa watu, naye aiandike upande wa mali ingawa mkononi hana kitu.

Nikanunua blenda, sufuria, majiko mawili ya mkaa na meza, jumla 260,000. Mume wangu akasema, "Ushazimaliza." Sikuzimaliza. Taslimu ilishuka hadi 220,000, lakini vyombo vya 260,000 vikaingia, na jumla ya mali ikabaki 480,000. Tukio zima lilikuwa upande mmoja wa mlinganyo, mali moja ikabadilishwa na nyengine, na si madeni wala mtaji ulioguswa.

Baada ya hapo nikaenda dukani Limbani kuchukua mchele, sukari, nazi, hamira, iliki na mkaa. Vyote 150,000. Nililipa 60,000, na 90,000 mwenye duka akaniandikia kwenye daftari lake. Mali sasa ni taslimu 160,000, vyombo 260,000 na vitu vya kupikia 150,000, yaani 570,000. Madeni ni upatu 180,000 na duka 90,000, yaani 270,000. Toa, unabaki na 300,000. Biashara imekua kwa macho, nyumba imejaa magunia, na haki yangu haijaongezeka hata senti. Hili ndilo shemeji yako anataka ulione.

Mtaji wangu ulianza kusogea nilipouza. Wiki ile nilipika mikate 80, nikauza kwa 3,000 mmoja, jumla 240,000. Kati ya hizo 180,000 nililipwa papo hapo, na 60,000 ni za duka moja la jirani lililochukua mikate likaahidi kulipa wiki ijayo. Vitu vilivyotumika ni vya 120,000. Sasa fuata pande zote: taslimu 340,000, ninachodai duka la jirani 60,000, vyombo 260,000, vitu vilivyobaki 30,000. Jumla 690,000. Madeni bado 270,000. Mtaji 420,000. Umepanda kwa 120,000, na hiyo ndiyo faida: mauzo 240,000 kutoa vilivyotumika 120,000. Angalia kwamba zile 60,000 ambazo sijazishika zimo ndani ya faida. Mikate imeshakwenda na haki ya kulipwa ninayo, kwa hivyo ni mauzo, ingawa kwenye kisanduku hazionekani. Lile duka likija kulipa, taslimu itapanda na ninachodai kitashuka, basi. Usiihesabu faida mara ya pili.

Ijumaa nikapeleka mchango wa upatu, 20,000. Taslimu 320,000, deni la upatu 160,000, mtaji 420,000 vilevile. Kulipa deni hakupunguzi faida, kama vile kukopa hakukuletei faida. Mwenzangu mmoja alikuwa akiutoa mchango wa upatu kwenye mauzo kila wiki kama gharama, akawa analalamika biashara ya mikate haina kitu.

Sasa likaja jambo ambalo nadhani linakuhusu na wewe. Watu wakaanza kuweka oda za Sikukuu na kulipa kabla. Nikapokea 90,000 kwa mikate 30. Kisanduku kikafika 410,000 na moyo ukafurahi, lakini mikate ile haijapikwa. Nikiumwa leo, lazima nizirudishe. Kwa hivyo 90,000 zinaingia taslimu na wakati huohuo zinaingia madeni: mali 760,000, madeni 340,000 (upatu 160,000, duka 90,000, wateja 90,000), mtaji 420,000. Siku nitakayowakabidhi mikate yao ndipo deni la 90,000 litakapogeuka mauzo, na vitu vya kama 45,000 vitakuwa vimetumika, mtaji upande kwa 45,000 zilizobaki. Si kabla.

La mwisho, nikachukua 50,000 kuwanunulia watoto nguo za Sikukuu. Hii si gharama ya mikate. Ni mimi mwenye biashara ninayeitoa sehemu ya haki yangu. Taslimu 360,000, mtaji 370,000, faida ya wiki inabaki ileile 120,000. Usipoitenga hii utadhani mikate inakuangusha kumbe nyumba ndiyo inayokula. Na unga au sukari unayochota kwenye biashara kupikia watoto chai ya asubuhi ni hivyohivyo, iandike kwa bei uliyonunulia.

Wiki ikafungika hivi:

```
Taslimu             360,000
Ninaowadai           60,000
Vyombo              260,000
Vitu vya kupikia     30,000
MALI                710,000

Upatu               160,000
Duka                 90,000
Oda za wateja        90,000
MADENI              340,000
MTAJI               370,000
```

Kama hukuandika kila mauzo, na wauza maandazi wengi hawaandiki, orodha hii, pamoja na mtaji ulioanza nao na ulichochukua cha nyumbani, inatosha kukupa faida. Chukua mtaji wa mwisho 370,000, toa wa mwanzo 300,000, ongeza ulichochukua cha nyumbani 50,000. Unapata 120,000, sawasawa na tuliyoipata kwa njia ya mauzo. Kama katikati uliongeza pesa yako mwenyewe, hiyo uitoe, maana si biashara iliyoizalisha.

Kuna jambo wanafunzi wa uhasibu hulisahau kwa kuipenda sana kanuni yao. Pande kulingana si ushahidi kwamba hesabu ni sahihi. Jaribu hapo juu kulisahau deni la duka. Madeni yatakuwa 250,000, mtaji utajiongeza wenyewe kuwa 460,000, na kila kitu kitalingana vizuri kabisa. Mtaji ndio unaobaki baada ya kutoa, kwa hivyo kosa lolote la kusahau linaishia kwake, na mara nyingi linakupendeza. Ukiziita oda za Sikukuu mauzo ni vivyo hivyo, zinalingana na zinadanganya. Dawa yake iko nje ya daftari. Hesabu pesa kwa mkono, pima mchele uliobaki, kisha mwambie mwenye duka akusomee daftari lake. Ikiwa lake linasema 90,000 na lako linasema 70,000, kuna siku ulichukua kitu hukuandika.

Vyombo navyo havibaki 260,000 milele. Blenda yangu niliinunua 150,000, na kwa kusaga mchele kila siku naikadiria miaka mitatu. Kwa hivyo kila mwaka naipunguza 50,000, kama 4,000 na kitu kwa mwezi, mali ikashuka na mtaji ukashuka pamoja nayo. Kwa wiki moja nimeiacha kwa sababu ni shilingi elfu moja tu, lakini kwa mwaka usiiache. Mikate inayoungua kwa moto wa juu ni hivyo pia: vitu vimetoka kwenye mali, hakuna kilichoingia, mtaji ndio unaobeba.

Na kwa kuwa wengi wetu hapa huuliza, mtaji huu usiuchukue kama ulivyo kukadiria zaka. Vyombo vya kazi kama blenda na majiko havitolewi zaka, bidhaa ya kuuza huthaminiwa kwa bei ya soko ya siku ile, na kuhusu kutoa madeni kwanza au kutoyatoa wanazuoni wamekhitalifiana, kwa hivyo hapo muulize shekhe wako, si shemeji.

Tuje kwako. Umetaja pesa tu, 300,000 sasa na 150,000 mwanzo. Hukusema kama unga na mafuta ulilipa taslimu au umeandikiwa, kama kuna mtu kakulipa maandazi ya shughuli ambayo bado haijafika, wala kama ndani ya kisanduku hamna pesa ya upatu. Madeni ya namna hiyo yakifika 150,000 kwa jumla, na huna unga uliobaki wala unayemdai wala vyombo ulivyonunua kwa pesa ya biashara, wala hujachota cha nyumbani, basi shemeji kasema kweli. Lakini kama una unga wa 40,000 ndani na jirani hajakulipa 15,000, hapo faida ipo na ni 55,000. Andika hayo hapa chini, yote, hata deni la mayai, tupige hesabu pamoja.