Kukagua chumba cha kupanga: tochi kwanza, mtandao baadaye

Nikipanga chumba hapa Lubumbashi, kiwe cha usiku mmoja au cha mwezi mzima, hutafuta kamera zilizofichwa kabla sijafungua begi, na kila mara naanza na tochi ya simu. Kamera inayohifadhi picha kwenye kadi ya kumbukumbu, au inayozituma kwa laini yake yenyewe, haitaonekana kwenye waifai ya nyumba hata ukiichunguza vipi. Lakini kila kamera ina lenzi, na lenzi hurudisha mwanga kule ulikotoka.

Namna ya kumulika ndiyo inayowashinda wengi. Zima taa, funga pazia, kisha shika tochi kando ya jicho, karibu kabisa na shavu, kwa sababu ukiishika kiunoni mwanga utarudi kiunoni na jicho halitauona. Usisimame mlangoni ukamulika chumba kizima kwa mkupuo mmoja. Lenzi humjibu tu aliye ndani ya eneo inaloliona, kwa hiyo jiweke pale ambapo mwenye nia mbaya angependa kupaona: lala kitandani, simama mahali pa kuogea, simama unapobadilishia nguo. Ukiwa hapo, pitisha mwanga polepole juu ya chaja, saa, kitambua moshi, dekoda na soketi za ukutani, maana kitundu cha lenzi kinaweza kuwa na upana wa milimita 1 au 2 tu. Vichwa vya skrubu navyo hung'aa. Ili kuvitofautisha, sogeza kichwa na tochi pamoja, kidogo kushoto na kidogo kulia: mng'ao wa skrubu huteleza pembeni au huzimika, ilhali wa lenzi hubaki ndani ya kitundu kilekile, mara nyingi ukiwa na rangi kidogo ya bluu au zambarau.

Baada ya hapo ndipo ninaingia kwenye mtandao. Programu ya Fing kwenye simu inatosha kwa orodha ya haraka ya vifaa vilivyo kwenye mtandao, lakini simu nyingi za Android za sasa haziruhusu programu kusoma anwani za MAC, yaani namba za utambulisho za vifaa hivyo, na bila hizo ni vigumu kumjua mtengenezaji wa kifaa. Kwa hiyo natumia kompyuta yenye programu ya nmap, ambayo huorodhesha vifaa vya mtandao, nikiweka anwani ya mtandao uliopo:

```
sudo nmap -sn 192.168.1.0/24
```

Katika nyumba moja ya wageni, orodha ilionyesha ruta, televisheni, simu kadhaa na vifaa viwili nisivyovielewa. Kimoja kiliandikwa Hikvision, kampuni ya kamera za ulinzi. Niliteremka mapokezi nikamuuliza mama aliyekuwapo. Alinionyesha kinasa picha cha kamera za geti na ua, chenye anwani ileile, na hilo likaisha. Cha pili kiliandikwa Espressif, jina ambalo peke yake halithibitishi kitu, kwani chipu za kampuni hiyo zimo kwenye balbu na plagi za waifai na pia kwenye kamera ndogo za bei nafuu. Nilikagua milango yake, yaani namba ambazo kifaa hupokelea mawasiliano ya mtandao:

```
nmap -Pn -p 80,554,8080 192.168.1.23
```

Mlango wa 554, ambao kamera nyingi hutumia kutoa video, ulikuwa umefungwa. Hilo halikunituliza, kwa kuwa kamera nyingi ndogo huitafuta zenyewe seva ya nje na hazisubiri mtu azigongee mlango.

Kilichobaki ni kukihusisha kifaa cha kwenye orodha na kitu ninachoweza kukishika. Tochi ilikuwa imeshanionyesha kitundu chenye mng'ao usiosogea kwenye chaja iliyochomekwa mkabala na kitanda. Niliipiga picha ikiwa palepale, nikaandika `ping 192.168.1.23`, amri inayokiita kifaa mfululizo ili kijibu, majibu yakawa yanaingia bila kukatika, kisha nikaichomoa. Majibu yakakoma papo hapo. Chaja ya kawaida haina haja yoyote ya waifai. Kama majibu yangeendelea, ningejua kwamba ama anwani ile ni ya kifaa kingine, ama ndani ya chaja mna betri, na ningesubiri kidogo kabla ya kuamua.

Orodha yenye ruta na kompyuta yako tu haimaanishi chumba ni safi: ruta nyingi hutenganisha wageni wasionane, na kamera inaweza kuwa kwenye waifai nyingine ya mwenye nyumba. Vilevile, umeme ukikatika na kurudi, kama tulivyozoea hapa, vipe vifaa dakika chache vijiunge upya kabla ya kukagua.

Chaja ile sikuifungua wala sikugusa kadi yake. Niliifunga ndani ya taulo, nikahama usiku uleule, na picha pamoja na orodha ya mtandao nikazipeleka polisi.