Kubeba kahawa ya kukaanga kutoka Nairobi hadi Marekani

"Wakuu, mwezi ujao naenda kumwona dada Boston. Nataka kumpelekea kahawa ya Nyeri kilo 2. Niibebe vipi isije ikachukuliwa uwanjani?"

Ndugu yangu, beba punje nzima zilizokaangwa. Marekani inaziruhusu, kwa sababu punje iliyopita motoni haiwezi kuota tena wala kuingiza mdudu hai shambani mwao. Buni mbichi ni habari nyingine. Marekani bara huwa inapita ikikaguliwa na kuonekana safi, lakini Hawaii na Puerto Riko, wanakolima kahawa yao, ni marufuku. Dada akitaka kujikaangia mwenyewe, mshawishi aache.

Usisagishe. Kwenye ndege zinazoelekea Marekani, unga wa mililita 350 au zaidi ukiwa kwenye mzigo wa mkononi hukaguliwa zaidi, na wasiporidhika hauingii ndani ya ndege. Kahawa iliyosagwa ni unga. Mimi nilisimamishwa JKIA na pakiti moja ya nusu kilo, na nilikuwa nimeshakabidhi begi kubwa, kwa hiyo sikuwa na pa kuihamishia. Niliiacha pale, na iliniuma kweli, maana ilitoka shambani kwa mama.

Safari iliyofuata nilinunua punje zilizokaangwa asubuhi hiyohiyo, nikaridhika kwamba ladha yake bado ni mpya kabisa. Muuzaji alizifunga kwenye mfuko usio na vali, ile tundu ndogo inayotoa hewa bila kuiingiza. Kahawa ikitoka motoni huendelea kutoa gesi ya kaboni dioksidi kwa siku kadhaa. Mfuko ulivimba, mshono ukaachia, na punje nikaziokota kwenye soksi na mashati. Siku hizi naagiza ikaangwe siku 4 au 5 kabla ya safari, kwenye mifuko ya nusu kilo yenye vali. Kwako ni mifuko 4. Izungushie nguo katikati ya begi kubwa, na uache lebo ya kiwandani inayosema ni kahawa iliyokaangwa. Mfuko wa kaki ulioandikwa kwa kalamu utafunguliwa.

Ukifika, ukiulizwa kama una chakula, jibu ndiyo, kisha useme: kahawa iliyokaangwa, kilo 2, zawadi. Mimi hujibu hivyo, wanaangalia, wananirudishia. Anayeficha ndiye anayetozwa faini, na kama mama amekutilia nyama kavu ndani ya begi hilohilo, itoe kabla hujaondoka nyumbani.

Jambo moja litakushtua ukifungua begi Boston: mifuko itakuwa imenywea na kubana punje. Haijatoboka. Nairobi iko karibu mita 1,800 juu ya bahari, Boston iko pwani, na hewa nzito ya huko inaukandamiza mfuko uliofungwa kwenye hewa nyepesi ya huku.