Kazi Ikifeli Tena na Tena, Usiiache Izunguke

Juzi kijana mmoja anayejifunza kuandika programu hapa Mombasa alinitumia ujumbe: "Kaka, kazi ikifeli kwenye foleni niirudie mara ngapi kabla sijaiweka kando?" Nilimjibu kwa ufupi, lakini swali lake limegusa kidonda changu, kwa hivyo hapa nalijibu kwa urefu.

Mimi huandika mifumo ya mawakala wa kutoa mizigo bandarini. Meli ikishusha kontena Kilindini, taarifa yake huingia kwenye foleni ya SQS, huduma ya Amazon ya kushikilia taarifa zinazosubiri kushughulikiwa. Programu yetu huichukua, huipeleka kwenye mfumo wa mteja, na ikipokelewa huifuta. Isipofutwa, hufichwa kwa muda, kisha hujitokeza ichukuliwe upya. Muda huo huitwa `VisibilityTimeout`, na usipoubadilisha ni sekunde 30. Bila mpaka wowote, taarifa itazunguka hivyo hadi siku zake za kuhifadhiwa ziishe, halafu itapotea kimya kimya.

Mpaka wenyewe unawekwa hivi, na kazi ikiuvuka SQS huihamishia foleni ya pembeni:

```json
{
  "deadLetterTargetArn": "arn:aws:sqs:eu-west-1:123456789012:kontena-dlq",
  "maxReceiveCount": "5"
}
```

Kwenye kampuni moja niliyowahi kufanya kazi, mkubwa wangu aliweka mpaka wa 1000, ambayo ndiyo namba kubwa kabisa inayokubalika. Nilimwambia haifai. Akanijibu, "Mtandao ukitulia itapita tu." Basi ikaja kontena ambayo karani aliandika namba yake kwa herufi O mahali pa sifuri. Chukua namba inayotumika sana kufundishia, CSQU3054383, uifanye CSQU3O54383. Kwa kanuni ya ISO 6346, namba ya kontena ni herufi nne, tarakimu sita, na tarakimu moja ya ukaguzi inayokokotolewa kutokana na hizo kumi za mwanzo. Mfumo wa mteja ukaikataa kwa jibu la 422. Baada ya sekunde 30 ukaikataa tena. Mara 1000 kwa sekunde 30 ni zaidi ya saa nane, usiku mzima, na hakuna aliyejua kwa sababu foleni ya pembeni ilikuwa tupu. Asubuhi mteja akapiga simu kuulizia mzigo wake, na lawama nikatwikwa mimi niliyeonya. Mpaka leo inaniuma.

Ndiyo maana namwambia yule kijana: kabla ya kuuliza mara ngapi, uliza kurudia kutabadilisha nini. Herufi O haitageuka sifuri kwa kusubiri. Jibu la 400 au 422 maana yake kasoro imo ndani ya taarifa yenyewe, na hiyo ipelekwe pembeni mara ya kwanza tu. Programu yako iitume huko pamoja na sababu ya kukataliwa, jibu kamili la mfumo wa mteja na saa iliyotokea, kisha ndipo uifute kwenye foleni kuu. Ushike mpangilio huo. Ukifuta kwanza na programu ikazimika katikati, taarifa imepotea. Ukituma kwanza, baya zaidi ni kuipata mara mbili.

Jibu la 503, au kimya mpaka muda wa kusubiri uishe, ni jambo jingine. Hapo mfumo wa mteja ndio ulioanguka, na kurudia kuna maana, ila si kwa mwendo ule ule. Mara tano za sekunde 30 ni dakika mbili na nusu. Mfumo wa mteja ukilala dakika kumi, taarifa zote nzima zitakuwa zimeshatupwa pembeni. Sisi hurefusha muda wa kufichwa kila inapofeli, kwa kutumia `ChangeMessageVisibility`: dakika moja, halafu tano, halafu ishirini, halafu sitini. Kati ya jaribio la kwanza na la tano inakuwa karibu saa moja na nusu, na mara nyingi mfumo huwa umeshaamka. Kila muda uongezee sekunde kadhaa za kubahatisha, ili taarifa zote zisirudi kwa mkupuo na kuuangusha mfumo unaojaribu kusimama.

Utatofautishaje hali hizi mbili usiku, ukiwa na usingizi? Tazama majirani. Taarifa moja ikifeli huku nyingine zinapita, kasoro ni yake. Zikifeli zote pamoja, kasoro iko kule zinakokwenda, na ni afadhali kusimamisha programu isichukue kitu kuliko kuzimalizia majaribio yao bure.

Kuna hali ya tatu inayowachanganya wengi. Unakuta taarifa foleni ya pembeni, lakini ukiangalia kwa mteja, kontena imeshaandikishwa. Hapo fahamu kwamba `maxReceiveCount` huhesabu taarifa imechukuliwa mara ngapi, wala si imefeli mara ngapi. Kazi yako ikichukua sekunde 45 na muda wa kufichwa ni 30, taarifa hujitokeza kabla hujamaliza, nakala nyingine ya programu ikaichukua, na hesabu ikapanda wakati kazi inafanyika vizuri kabisa. Dawa ni kuufanya muda wa kufichwa uwe mrefu kuliko kazi yako ya polepole zaidi.

Sasa kuhusu kuzipitia zilizowekwa kando. Foleni ya pembeni bila kengele ni sawa na kutokuwa nayo. Kengele yetu hulia idadi ya taarifa zilizomo, `ApproximateNumberOfMessagesVisible`, ikizidi sifuri, na taarifa yenye namba mbaya humfikia karani wa wakala, kwa kuwa yeye ndiye mwenye hati ya shehena mkononi. Mwandika programu hawezi kukisia namba ya kontena, na asijaribu.

Muda wa kuhifadhi nao uangalie sana. Usipougusa ni siku 4, na mwisho ni siku 14. Kwenye foleni za kawaida za SQS, umri wa taarifa huhesabiwa tangu ilipoingia foleni kuu, hauanzi upya ikihamia pembeni. Iliyokaa siku moja foleni kuu, na foleni ya pembeni ni ya siku 4, imebakiwa na siku 3. Ikifeli Alhamisi, Idd ikaangukia Ijumaa na ofisi ikafunguliwa Jumanne, huikuti. Weka 14.

Mwaka huu kampuni tuliyo nayo sasa imefuata utaratibu huu. Majuzi mfumo wa mteja mmoja ulilala jioni nzima, muda mrefu kuliko tulivyojipangia. Asubuhi taarifa zilikuwa zote pembeni, kila moja na sababu yake, tukazirudisha kabla chai haijapoa. Najivunia hilo, na sioni haya kusema.

Ila usirudishe kila kitu kwa pamoja, nakusihi. Zile ambazo programu yako ilizituma pembeni moja kwa moja, SQS haijui zilitoka foleni gani, hivyo taja mwenyewe foleni ya kuzirudishia. Zile zenye kasoro hazirudi mpaka zirekebishwe. Na zile za hali ya kontena linganisha saa zake kwanza: taarifa ya jana inayosema "imeshushwa" ikipita leo baada ya "imetoka getini", mfumo wa mteja utaonyesha kontena iko bandarini wakati lori limeshapita Mariakani. Hiyo isome, iandike kwenye kumbukumbu, kisha uifute.