Nilivyoandika Pendekezo la Tasnifu juu ya Riwaya Isiyosomwa

Pendekezo langu la kwanza la tasnifu lilirudi na mstari mwekundu chini ya sentensi niliyoitegemea kuliko zote: "Riwaya hii haijatafitiwa vya kutosha." Pembeni mwalimu aliandika, "Huenda haina la kutafitiwa." Niliumia, lakini alikuwa na haki. Vitabu visivyosomwa ni vingi, na vingine vimeachwa kwa sababu nzuri.

Riwaya yenyewe ni Uhuru wa Watumwa ya James Mbotela, iliyotolewa London mwaka 1934. Katika pendekezo niliifupisha hivi: inahusu watu waliotekwa bara, wakapelekwa pwani, wakaokolewa baharini na meli ya Waingereza, kisha wakapewa makazi Frere Town, kijiji cha wamisionari kilichoanzishwa mwaka 1875 karibu na Mombasa. Niliongeza kwamba ni miongoni mwa kazi za mwanzo za nathari ndefu ya Kiswahili, jambo ambalo vitabu vya historia ya fasihi hulitaja kwa aya moja na kupita.

Nilipokwenda ofisini kwake, mwalimu aliniomba nisome muhtasari huo kwa sauti, kisha akauliza vitenzi vyangu viko katika kauli gani. Waliotekwa, wakapelekwa, wakaokolewa, wakapewa: vyote ni kauli ya kutendwa. Akauliza tena, "Ni wewe uliyewafanya hivyo, au ni Mbotela?" Sikuwa na jibu, na hapo ndipo tatizo la utafiti lilipopatikana.

Wahakiki wameilaumu kazi hii kwa kuwasifu mno Waingereza na kuwatwisha Waarabu lawama ya utumwa. Rasimu ya kwanza niliikwepa lawama hiyo, nikidhani ingeidhoofisha hoja yangu. Katika ya pili niliiweka mwanzoni kabisa, kwa sababu ndiyo inayolipa swali uzito: mwandishi aliyetokana na jamii ya hao waliookolewa, akiandika chini ya utawala wa wale anaowashukuru, anawaachia wahusika wake nafasi gani ya kutenda wenyewe, na neno "uhuru" la kwenye jina la kitabu lina maana gani ikiwa uhuru huo ni wa kupewa? Kwa mbinu, nilipendekeza kulinganisha sehemu mbili tu, yaani kuokolewa baharini na maisha ya Frere Town, nikifuatilia nani ni mtenda katika kila tukio na nani anapewa usemi.

Kwa hiyo nakushauri uandike muhtasari wa riwaya yako kabla ya kitu kingine, kisha uuchunguze kama matini ya mtu mwingine. Ukiona sentensi zako za umuhimu zinaweza kuhamishiwa kwenye riwaya nyingine bila kubadilisha neno, zifute.

Rasimu ya pili ilirudi na swali moja dogo: "Unatumia chapa ipi, na nakala unayo?" Nilikuwa nimeisoma maktabani, kwenye nakala isiyoazimwa. Ilinibidi nirudi kunakili kurasa zangu kabla mwalimu hajatia saini.