Mtawanyiko usio sawa: “bora” ya nani?

“Wakuu, nimelinganisha kilo za korosho na idadi ya mikorosho huku Newala. Mashamba makubwa yanatawanyika sana kuzunguka mstari. Njia ya miraba midogo bado ni bora?”

Mkuu, njia hiyo, inayochagua mstari wenye jumla ndogo kabisa ya miraba ya makosa, bado haina upendeleo, yaani kwa wastani haikosei juu wala chini, ila si bora tena. “Bora” ya Gauss na Markov ni finyu: kati ya vikadirio vya mstari visivyo na upendeleo, cha miraba midogo ndicho chenye varianisi, yaani kipimo cha kuyumba, ndogo kuliko vyote. Sharti makosa yawe na wastani sifuri, mtawanyiko sawa, na yasihusiane. Makosa hayadaiwi kuwa na mgawanyo wa umbo la kengele, ingawa watu wengi hung'ang'ania hapo.

Chukua mashamba mawili, mstari upite kwenye sifuri: mikorosho 10 imetoa kilo 80, mikorosho 40 kilo 400. Miraba midogo inatoa 16800/1700, yaani kilo 9.88 kwa mkorosho. Lakini kama varianisi ya kosa inakua sambamba na idadi ya mikorosho, kilicho bora ni kugawa jumla kwa jumla: 480/50 = 9.6. Vyote havina upendeleo, ila varianisi ya cha kwanza ni kubwa zaidi kwa takriban asilimia 12.

Hasara hiyo inavumilika. Kinachoniogopesha ni kosa sanifu, yaani kipimo cha jinsi kadirio linavyoweza kuyumba, ambalo programu inakuchapishia: limekokotolewa kana kwamba mtawanyiko ni sawa, kwa hiyo tumia lile linalostahimili mtawanyiko usio sawa.