Jumbe nne baada ya kotesheni

Kazi yangu ni viyoyozi, na wateja wangu wengi ni hoteli za Nyali, Bamburi na Shanzu, hapa Mombasa. Meneja wa hoteli ni nadra akwambie hataki. Atakwambia "tutazungumza, inshallah", kisha kimya. Wengi wetu hapo ndipo tunapoanza kubahatisha: leo "habari ya leo mkubwa", wiki ijayo "vipi ile kotesheni", hadi mwenyewe anaanza kulikwepa jina lako kwenye simu.

Ninachofanya ni kuziandika jumbe zote za kufuatilia siku ile ile ninayotuma kotesheni, kabla sijajua kama nitajibiwa. Ukingoja hadi kimya kikukere, utaandika kwa kinyongo, na kinyongo husomeka hata katika maneno ya adabu.

Tarehe huanzia mwisho kurudi nyuma. Chukua hoteli ya vyumba 60 inayotaka viyoyozi vyake vyote vioshwe kabla ya wageni wa Desemba. Mafundi wawili na msaidizi wanaweza kuosha vizuri vyumba sita au vinane kwa siku, lakini hoteli haikupi vyumba vyote kwa mpigo, unaingia mgeni akishatoka. Kwa hivyo kazi ya siku kumi huenda wiki tatu. Ili imalizike Novemba, mwenye hoteli lazima awe ameshaamua ifikapo mwisho wa Oktoba. Kotesheni basi naipeleka Jumanne ya mwisho ya Septemba, na chini yake naandika kwamba bei ni ya siku 30, kwa sababu gesi na vipuri huagizwa kutoka nje na bei yake hufuata dola. Hizo siku 30 ndizo uwanja wangu. Ndani yake naweka jumbe nne: siku ya 2, ya 7, ya 14 na ya 28. Kila pengo ni pana kuliko lililotangulia. Mwanzoni jambo bado li moto mezani kwake, baadaye linapita kwa watu wengine na watu hao wanahitaji muda.

Ujumbe wa siku ya 2 kazi yake ni kujua karatasi iko kwa nani. Katika hoteli, fundi mkuu ndiye anayekupokea, lakini karatasi hupita kwa mtu wa ununuzi, kwa mhasibu, kisha kwa meneja. Ukimsumbua fundi mkuu wiki nne na kumbe alishaipeleka mbele siku ya kwanza, unamchosha mtu aliye upande wako. Basi naandika hivi:

"Salaam aleikum Bwana Injinia. Kuhusu kotesheni ya Jumanne, swali ambalo watu wa hesabu huuliza ni la gesi: haimo katika bei ya kuosha, italipwa kwa chumba kitakachohitaji tu. Je, nimpelekee nakala mtu wa ununuzi, au utamfikishia wewe?"

Angalia kwamba sikumuuliza kama ameiona. Nimempa jibu atakaloulizwa na mhasibu, na swali langu linajibika kwa neno moja.

Siku ya 7 naongeza kitu cha kuonekana. Nikienda kukagua, hupiga picha mashine za nje, hasa zile zinazotazama bahari. Chumvi hula vile visahani vyembamba vya alumini hadi vinamomonyoka ukivigusa. Visahani vikiliwa au vikiziba, joto halitoki, kompresa inafanya kazi muda mrefu kuliko inavyopaswa, umeme unapanda na mwishowe kompresa yenyewe inakufa. Natuma picha mbili, ya mashine iliyo nzima na ya iliyoliwa, zote kutoka hoteli yake mwenyewe, na mstari mmoja wa kueleza tofauti. Picha za hoteli nyingine hazimgusi. Picha ya chumba chake, chenye namba anayoijua, ataipeleka mwenyewe kwa meneja, na hiyo ndiyo faida yake: ujumbe unaotembea bila mimi.

Kufika siku ya 14, kama bado kimya, mara nyingi tatizo ni pesa au ni vyumba. Wengine hapa hukimbilia kupunguza bei. Mimi siwashauri, maana ukishusha bila kuombwa umemwambia kwamba ile ya kwanza ilikuwa ya kubahatisha. Ninachobadilisha ni ukubwa wa kazi: tuanze na vyumba 20 vya upande wa bahari, ambavyo ndivyo vilivyo hoi, vingine tuvifanye Aprili hoteli ikipungua watu. Bei ya kila chumba inabaki ile ile. Ujumbe huu ndio unaoleta majibu mengi kwangu, kwa sababu meneja anapata njia ya kusema ndiyo bila kwenda kuomba bajeti yote.

Siku ya 28 ni kufunga. "Bwana Injinia, bei ya kotesheni yetu inaisha Alhamisi. Nikipata jibu kabla ya hapo, naweza kuwaanzia wiki ya kwanza ya Novemba. Nisipopata, nitaiweka kando na kuwatafuta Aprili, wala hakuna neno." Usiandike hivi kama bei haiishi kweli. Mji huu ni mdogo, mafundi wakuu hukutana, na anayetangaza "mwisho" mara tatu hujulikana.

Saa nazo zina maneno. Saa nne asubuhi wageni wanatoka na vyumba vinakaguliwa, fundi mkuu hana hata nafasi ya kukohoa. Ijumaa kuanzia saa sita, sahau. Saa nane mchana, siku za katikati ya wiki, ndipo watu hukaa wakasoma. Na Ramadhani ikiangukia ndani ya siku zako, panua mapengo, usiongeze jumbe.

Akijibu lolote, zilizobaki zote zinasimama. Hata akijibu kwa simu, hata akikutana nawe kwenye feri ya Likoni akakwambia "niko nalo". Hakuna linaloudhi kama kupokea ujumbe uliopangwa tayari baada ya kuongea na mtu jana. Akisema "nitakwambia", muulize siku: "Nikutafute Jumatatu?" Akikubali, hiyo Jumatatu ndiyo tarehe yako mpya na ratiba ya zamani imekufa. Akisema acha, basi acha kabisa. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inampa mtu haki ya kukataa kutangaziwa biashara, na hata bila sheria ni uungwana tu.

Tiki za WhatsApp nazitazama, ila siziamini sana. Tiki moja kwa siku kadhaa ina maana ujumbe haujafika, basi tumia barua pepe au piga simu ya mapokezi. Tiki za buluu kwenye jumbe tatu bila neno, mara nyingi ni kwamba unayemwandikia si mwenye kuamua na anaona haya kukwambia. Hapo ujumbe wa nne umpelekee mtu wa ununuzi, huku fundi mkuu akijua: "Bwana Injinia, naomba ruhusa nimwandikie Bi wa ununuzi moja kwa moja." Usimruke kimya kimya. Ndiye atakayekufungulia mlango wa paa siku ya kazi.

Haya yote ni kwa mtu aliyekuomba kotesheni. Hoteli isiyokujua, ambayo hujawahi kuingia hata getini, jumbe mbili baada ya ule wa kwanza zinatosha. Huna picha za vyumba vyake wala hujui msimu wake wa matengenezo, kwa hivyo huna cha kuongeza katika ujumbe wa nne zaidi ya kumuuliza kama ameona wa tatu.