Maandiko mengi, dakika nane: jinsi ya kufungua semina juu ya kuhimili mabadiliko ya tabianchi

*Swali: Mwalimu, jambo. Niko masta hapa Bukavu, na idara imeniomba nifungue semina kwa Kiswahili, dakika 8, nieleze maandiko yanasema nini juu ya kuhimili mabadiliko ya tabianchi. Nimesoma makala zaidi ya 30 na nimeandika kurasa 9, lakini zimekuwa orodha tu: huyu alisema hivi, yule alisema vile. Nichague vipi, na nisemeje bila kupotosha walichoandika?*

Ndugu yangu, anza na hesabu ya muda. Ukisoma kwa mwendo ambao watu wanaufuata bila kuchoka, weka maneno 100 kwa dakika. Una maneno 800, na salamu kwa Mkuu wa Idara, maprofesa, mashefu wa kazi, maasistenti na wanafunzi wenzako zitakula 40 au 50. Kinachobaki kinatosha matokeo matatu yaliyoelezwa vizuri. La nne litayaharibu yale matatu.

Orodha imejitokeza kwa sababu umepanga makala kwa majina ya waandishi. Zipange upya kwa swali ambalo kila makala inalijibu. Je, inaeleza watu wamefanya nini? Inapima kama walichofanya kimepunguza hasara? Inaonyesha nani amefaidika na nani ameumia? Au inahusu data yenyewe, imetoka wapi na nani aliikusanya? Makala moja inaweza kuingia katika malundo mawili, hilo si tatizo. Ukimaliza, nadhani utakuta lundo la kwanza limejaa na la pili lina makala chache mno. Tofauti hiyo ndiyo tokeo lako la kwanza.

Si jambo la makala zako peke yake. Mwaka 2021 Lea Berrang-Ford na kundi kubwa la watafiti walichapisha mapitio ya dunia nzima. Walianza na makala zaidi ya 48,000, wakabaki na 1,682 zilizoeleza hatua ambazo watu walikuwa wamezichukua kweli, si mipango ya karatasi. Waligundua kwamba hatua nyingi ni za watu binafsi na familia, ni ndogo ndogo, ni za mahali pamoja na haziunganiki. Juu ya swali kama hatua hizo zimepunguza hatari, ushahidi waliouona ulikuwa kidogo sana.

Hapa ndipo wasemaji wengi wanapoteleza, basi tukae kidogo. Sentensi ya kwanza inayokuja kichwani huwa hii: «Makala nyingi zinaonyesha kwamba wakulima wanahimili mabadiliko ya tabianchi kwa mbegu zinazokomaa haraka, kilimo mseto na kubadilisha tarehe za kupanda.» Neno «wanahimili» limebeba mambo mawili: kwamba wamefanya kitu, na kwamba kitu hicho kimefaulu. Makala zimethibitisha la kwanza tu. Kosa la upande wa pili ni baya vilevile: «Utafiti umeonyesha kwamba hatua za wakulima hazisaidii.» Utafiti haukuonyesha hivyo. Kukosa kipimo si sawa na kupima na kukuta sifuri.

Utajuaje makala imepima au haikupima? Usitegemee muhtasari, nenda kwenye sehemu ya mbinu. Tafuta kama kuna kitu kilichohesabiwa baada ya hatua kuchukuliwa (mavuno, mapato, nyumba zilizobomoka, siku za njaa) na kama kimelinganishwa na kitu kingine: hali ya kabla, au watu ambao hawakuchukua hatua hiyo. Kisha uliza kama kipimo kilifanyika katika msimu mbaya. Mbegu inayovumilia ukame haijajaribiwa ikiwa mvua ya mwaka huo ilikuwa nzuri. Hojaji ya msimu mmoja, inayomuuliza mkulima kama anaona mabadiliko na anafanya nini, ni kazi ya maana, lakini swali la pili haiwezi kulijibu.

Hata palipo na ulinganisho, angalia nani analinganishwa na nani. Mkulima wa Kabare anayenunua mbegu mpya mara nyingi ndiye mwenye shamba kubwa zaidi au ndugu anayemtumia pesa kutoka mjini. Akivuna zaidi ya jirani yake, huenda ni mbegu, huenda ni mali aliyokuwa nayo tayari. Na hapa kwetu kuna mtego mwingine. Mtu wa Walungu aliyeacha migomba akapanda mihogo au mahindi huenda hakukimbia mvua mbovu, alikimbia mnyauko wa bakteria uliomuulia shamba. Makala inayohesabu badiliko hilo kuwa la tabianchi bila kuuliza ugonjwa, itaje kwa tahadhari au iache.

Kwa hiyo tokeo la kwanza ningeliandika hivi, kwa kusomwa kwa sauti:

«Maandiko yanatuambia kwa uhakika kwamba watu hawakukaa mikono mitupu. Familia zinabadilisha mbegu, tarehe za kupanda na kazi. Lakini mapitio makubwa ya mwaka 2021, yaliyosoma makala 1,682, yamekuta ushahidi kidogo sana juu ya kama hatua hizo zimepunguza hatari. Hatujui kwamba zimeshindwa. Tunajua kwamba ni wachache waliopima.»

Maneno hayo ni kama 50, nusu dakika tu. Baada yake una nafasi ya kuongeza mfano mmoja kutoka makala zako mwenyewe. Chagua ule uliopima vizuri, usichague ule unaovutia zaidi.

Tokeo la pili ni kwamba baadhi ya miradi inawaongezea watu udhaifu. Siri Eriksen na wenzake, nao mwaka 2021, walichambua tafiti 34 za miradi katika nchi zinazoendelea, wakauliza kwa nini jambo hilo linatokea. Katika sababu walizotoa, mbili zinatosha hotuba yako: mradi unaoanzishwa bila kuelewa kwa kina kinachowafanya watu wawe dhaifu mahali pale, na ushirikishwaji ambao wenye nguvu ndio wanaoamua. Waeleze wasikilizaji namna madhara yanavyopita. Ukuta unaokinga mtaa mmoja na mto unaweza kuyasukuma maji kwa majirani wa ng’ambo. Tena ukiwapa watu imani kwamba pale ni salama, watajenga zaidi nyuma yake, na siku ukizidiwa hasara itakuwa kubwa kuliko kama usingekuwepo. Hili usilirefushe. Semina nzima italirudia, na wewe unafungua tu.

Ila chunga kipimo cha sauti yako. Tafiti 34 hazikuruhusu kusema «miradi mingi inadhuru», kwa sababu hazikuchaguliwa ili kuhesabu mingapi inadhuru. Zinakuruhusu kusema «tunajua njia ambazo miradi inaweza kudhuru, na njia hizo zimeonekana katika nchi mbalimbali.»

Tokeo la tatu linahusu hapa tulipo, na ndilo ningelipa dakika nyingi kuliko mengine. Ukisema tu neno mafuriko, kila mtu ukumbini ataifikiria Kalehe. Mei 2023 maji na matope yalishuka Bushushu na Nyamukubi, na watu zaidi ya 400 wakapoteza maisha. Kishawishi cha kusema «mabadiliko ya tabianchi yaliwaua ndugu zetu» ni kikubwa. Lakini kundi la wanasayansi la World Weather Attribution, ambalo kazi yake ni kupima mchango wa tabianchi katika tukio fulani, lililitazama tukio hilo kandokando ya Ziwa Kivu. Mwezi Juni 2023 likatangaza kwamba uhaba wa data haukuruhusu kupima mchango huo. Kazi ya namna hiyo inahitaji rekodi ndefu ya mvua, ili mvua ya siku moja iwekwe mbele ya mvua za miaka mingi na kuulizwa ni adimu kiasi gani. Vipimo vikiwa vichache au vimekatika miaka mingi, swali linabaki bila jibu.

Sema hivyo hivyo, bila kupunguza wala kuongeza. Usiseme wanasayansi wamekanusha, kwa sababu hawakukanusha. Kisha unganisha na sababu ya uhaba wenyewe. Ripoti ya IPCC ya mwaka 2022, yaani jopo la Umoja wa Mataifa la tabianchi, inaonyesha kwamba kati ya 1990 na 2019 utafiti juu ya Afrika ulipata asilimia 3.8 tu ya fedha za utafiti wa tabianchi duniani. Katika kiasi hicho kidogo, asilimia 78 zilikwenda kwa taasisi za Ulaya na Amerika Kaskazini, na asilimia 14.5 kwa taasisi za Afrika. Takwimu hizi tatu zitamke polepole na usiongeze nyingine, maana anayesikia hana karatasi ya kurudia kusoma. Pengo la fedha za miradi, mipaka ya kuhimili na mambo ya bima, hayo waachie watakaokufuata au yaweke kwenye karatasi ya kugawa.

Juu ya maneno ya uhakika, IPCC ina desturi nzuri ya kutazama mambo mawili kwa pamoja: ushahidi ni mwingi kiasi gani, na unakubaliana kiasi gani. Iige kwa lugha ya kawaida. «Tafiti ni nyingi na zinakubaliana.» «Tafiti ni chache, ingawa zinakubaliana.» «Ni nyingi lakini zinapingana.» Kila tokeo lipe mojawapo ya sentensi hizo. La kwanza lina sentensi mbili: juu ya wanachofanya watu tafiti ni nyingi na zinakubaliana, juu ya mafanikio ni chache. Majina ya waandishi yataje mara moja tu kila moja, pamoja na mwaka.

Jambo la mwisho ni swali ambalo profesa mmoja ataliuliza kabla hujakaa: «Makala hizo ulizichaguaje?» Usilisubiri. Mara baada ya salamu weka sentensi moja inayosema ulitafuta wapi, miaka gani na lugha zipi. Kama ulitafuta kwa Kiingereza pekee, umeziacha nje memwari na tezi, yaani kazi za kumalizia masomo, za Kifaransa zilizo kwenye maktaba zetu za Bukavu, ambazo nyingi hazionekani mtandaoni. Bado una nafasi ya kupita maktabani ukatafuta mbili au tatu zilizopima mavuno au hasara katika misimu miwili ya kilimo ya hapa, A na B. Ukizipata, chukua moja iwe mfano wako katika tokeo la kwanza. Usipozipata, waambie wasikilizaji ulitafuta maktaba gani na hukukuta.